Kivuli cha mpiga picha si sawa na cha mpita njia: vile mimi hufuta vyote viwili

Karibu kila picha ya familia iliyopigwa jioni huku kwetu ina mtu wa ziada, yule mweusi mrefu amelala chini miguu yake inaanzia mwisho wa picha na kichwa kimefika kwa gauni ya mama wa watu. Ni kivuli cha mwenye simu. Watu wakiniletea hizo picha niziondolee kivuli huwa wanadhani kazi ni kupaka tu udongo juu yake, na ukweli ni kwamba kwa kivuli cha mpiga picha mwenyewe mara nyingi huhitaji kupaka chochote, udongo wenyewe uko pale chini ya kivuli umekamilika, umekosa jua tu. Kivuli cha mtu aliyekuwa anapita kando ndicho kigumu. Nataka nieleze kwa nini hivi viwili vinatofautiana, manake ukishaelewa hapo, utajua ni kipi cha kuangaza na ni kipi cha kukloni, yaani kunakili udongo wa kando juu yake, na hutapoteza jioni nzima kwa picha moja.

Nitatumia picha ya nyanya yangu hapa Maseno. Binamu yangu ndiye aliipiga, kwa boma, simu imelala upande, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni hivi, siku jua lilikuwa linaelekea kuzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini. Maseno iko kwa ikweta na jua hapa linashuka karibu wima, karibu digrii 15 kwa saa (Juni na Desemba ni pungufu kidogo), kwa hivyo saa moja kabla ya kuzama liko digrii 15 hivi juu ya upeo. Jua likiwa hapo, kivuli kinakuwa karibu mara tatu na robo tatu ya urefu wa kitu. Mtu wa mita 1.7 anatoa kivuli cha mita 6 na kitu. Nyanya alikuwa amesimama mita 5 kutoka kwa simu, sasa hesabu inakuambia lazima kile kivuli kimfikie na kibaki na kidogo, na ndivyo ilikuwa, kilipita juu ya udongo halafu kikapanda gauni lake sentimita thelathini na kitu, yaani mpaka muundi.

Tuanze na ukingo wa kivuli kwa sababu hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Jua si nukta, ni duara, na ukiliangalia kutoka huku duniani upana wake ni kama nusu digrii. Kwa hivyo ukingo wa kivuli haukatiki ghafla, kuna mkanda mahali unaona jua nusu tu limezibwa, na ule mkanda unazidi kupanuka kadiri kitu kinachoziba kiko mbali na mahali kivuli kinaangukia. Kwa kila mita moja mkanda unaongezeka kama milimita 9. Ndio maana kivuli cha viatu vyako kina ukingo mkali na kivuli cha kichwa chako kimefifia. Hiyo wengi wanaijua, na ushauri ambao hutolewa ni ulainishe ukingo kidogo upande wa miguu na sana upande wa kichwa.

Sasa kwa kivuli chako mwenyewe huo ushauri unakudanganya. Fikiria kamera iko wapi. Iko kwa mkono wako, karibu na kichwa chako, karibu na kile kitu kinachoziba jua. Mahali kivuli kiko mbali na mwili wako, ni mbali na kamera pia, na kitu kilicho mbali na kamera kinaonekana kidogo. Mkanda unapanuka kwa udongo, lakini kwa picha unapungua kwa kiwango kile kile, hizo mbili zinakatana, na unabaki na ukingo ambao kwa picha una upana karibu mmoja kuanzia kiunoni hadi kichwani. Upana huo ni ule ule ambao duara la jua lenyewe lingekuwa nao kama lingekuwa ndani ya hiyo picha. Mimi nilipolielewa hili jambo nilifurahi sana kwa sababu lilinipunguzia kazi ya kulainisha kipande kwa kipande, unalainisha maski, yaani ile ramani inayoonyesha mahali pa kuangazwa, yote mara moja kwa namba moja na inakubali.

Namba yenyewe inatoka kwa upana wa picha. Lenzi kuu ya simu nyingi ina upana wa kuona wa karibu 26 mm kwa hesabu ya kamera za filamu, na kwa lenzi kama hiyo, picha ikiwa imelala na haijakatwa, jua linachukua kama moja ya mia na hamsini ya upana wa picha. Picha ya nyanya ina pikseli 4000 kwa upana, kwa hivyo mkanda ni kama pikseli 27. Kwa GIMP, programu ninayotumia kuhariri picha, ile namba ya `Gaussian Blur` haimaanishi upana wote wa mkanda, inataka karibu robo yake, kwa hivyo unagawanya tena kwa nne:

```
upana wa picha / 600
4000 / 600 = 6.7
```

Kama picha imepita kwa WhatsApp kawaida imeshapunguzwa, na ikiwa na pikseli 1600 namba inashuka hadi 2.7. Lakini kama unaweza mwambie mwenye picha akutumie kama dokumenti ili ije vile ilivyo, kwa sababu tutaangaza sehemu ya giza na sehemu ya giza kwa picha iliyobanwa imejaa vile viboksi vya pikseli nane kwa nane, ukiangaza vinatoka vyote.

Kuna mahali hii hesabu ya ukingo mmoja haishiki: kama mpiga picha ameinamisha simu mpaka viatu vyake vikaingia kwa picha. Hapo chini kivuli kiko karibu kabisa na kinachokiziba lakini kamera iko mita moja na nusu juu, kwa hivyo ukingo unakuwa mkali. Kwa picha ya kulala iliyopigwa kawaida, upeo ukiwa katikati, picha inaanza kuona udongo kama mita tatu na nusu mbele ya mpiga picha na kivuli hapo ni cha kiuno tayari, kwa hivyo hutakutana na hilo sana.

Haya, kwa GIMP nafanya hivi. Nadublikati leya, `Layer > Duplicate Layer`, halafu nachukua `Free Select` nazunguka kivuli. Laini naipitisha katikati ya ule mkanda uliofifia, si nje wala si ndani. Ukipita nje utaangaza udongo ambao tayari una jua na utabaki na mzingo mweupe, ukipita ndani utabaki na uzi mweusi umezunguka mahali mtu alikuwa amelala, na huo uzi macho ya watu yanauona haraka kuliko kivuli chenyewe. Zumu asilimia mia mbili, usiwe na haraka, hasa kwa viwiko, manake mtu aliyeshika simu kwa mikono miwili anatoa kivuli chenye pembetatu mbili kando ya kichwa na ndani ya kila pembetatu kunaweza kuwa na kashimo ka mwanga. Hiyo mashimo uyatoe kwa uteuzi. Halafu `Layer > Mask > Add Layer Mask`, unachagua `Selection`, unatoa uteuzi kwa `Select > None`, unabonyeza maski na kuilainisha kwa ile 6.7.

Sasa rangi.

Mahali pana jua kuna mianga miwili inaangukia udongo, ya jua na ya anga. Kwa kivuli jua limezibwa na mwanga wa anga peke yake umebaki, na anga ni ya bluu. Jioni tofauti inazidi kwa sababu jua lenyewe limekuwa la manjano kuelekea wekundu. Kwa hivyo ukichukua kivuli ukakiangaza tu, chaneli zote tatu sawasawa, udongo wetu huu mwekundu unatoka na rangi ya zambarau iliyokauka, na mtu anaona kabisa hapa kulikuwa na kitu. Lazima nyekundu ipande zaidi ya kijani, na kijani zaidi ya bluu. Ni kiasi gani, usikisie, picha yenyewe inakuambia.

Chukua `Color Picker`, weka `Sample average` ili isome eneo badala ya pikseli moja, bonyeza udongo wenye jua hapo karibu na ukingo, halafu bonyeza udongo ule ule ndani ya kivuli, hatua chache tu kutoka kwa ule mkanda na kwa kimo kile kile cha picha. Kwa picha ya nyanya udongo wa jua ulikuwa nyekundu 182, kijani 128, bluu 92, na wa kivuli ulikuwa 104, 84, 74. Angalia vile bluu imeshuka kidogo na nyekundu imeanguka. Kisha unapata mahali pa kuweka kile kishikio cheupe cha `Colors > Levels`, upande wa kulia wa `Input Levels`, chaneli moja moja:

```
nyekundu: 255 x 104 / 182 = 146
kijani:   255 x 84 / 128  = 167
bluu:     255 x 74 / 92   = 205
```

Hakikisha umebonyeza leya yenyewe, si maski, kabla ya kufungua `Levels`. Unaingiza 146 kwa `Red`, 167 kwa `Green`, 205 kwa `Blue`, na kivuli kinayeyuka mbele ya macho yako, udongo unarudi na mawe yake na alama za ufagio wa asubuhi na unyoya wa kuku uliokuwa pale, vitu ambavyo vilikuwepo muda wote. Hapo ndipo napendelea sana hii njia kuliko kukloni. Ukikloni unaweka udongo wa mahali pengine na boma la mtu si udongo wowote tu, kuna vitu vyake pale chini, na familia ikiangalia hiyo picha miaka ijayo wataona kile kilichokuwepo siku ile kweli.

Soma rangi kwa sehemu tatu hivi za kivuli si moja. Simu za siku hizi huangaza sehemu za giza zenyewe wakati wa kuunda picha, na haziangazi kwa usawa, unaweza kukuta juu ya kivuli kunataka 150 na chini kunataka 140. Tofauti ndogo kama hiyo mi huchukua ya katikati. Ikiwa kubwa, nagawanya kivuli kwa leya mbili na maski zinazoingiliana pole pole.

Baada ya hapo karibu kila mara kunabaki mstari mwangavu kuzunguka mahali kivuli kilikuwa, kama chaki imepitishwa. Ukishauona usikimbilie kuchora tena maski, kosa si la mkono. Inatokana na hesabu: katikati ya mkanda kuna nusu ya jua tayari, na maski iliyo nusu inaongeza zaidi ya kile kinachokosekana, kwa sababu udongo wenye nusu ya jua si giza vile unafikiria, uko karibu na wenye jua kuliko wenye kivuli. Dawa ni kushusha katikati ya maski bila kugusa nyeusi yake na nyeupe yake. Bonyeza maski, fungua `Levels`, na ile namba ya katikati ambayo ni 1.00 uishushe pole pole ukiangalia ukingo. Kwangu kwa udongo wa jioni huwa inatulia kati ya 0.5 na 0.6. Haitaisha kabisa kwa rangi zote kwa sababu nyekundu inataka ishuke zaidi ya bluu na maski ni moja, kwa hivyo panaweza kubaki kauzi kembamba kenye rangi rangi, na hako unapitisha `Heal` kwa brashi ndogo mahali panapoonekana tu.

Kivuli kilichopanda gauni usikiunganishe na cha udongo. Udongo umelala na jua la digrii 15 linaupiga kwa kuteleza, unapata kama robo tu ya nguvu ambayo lingeupa kama lingekuwa utosini. Gauni limesimama wima na linaangalia jua moja kwa moja, linapata karibu nguvu yote. Sasa ukiziba jua, udongo unapoteza kidogo na gauni linapoteza sana, kwa hivyo kivuli kwenye gauni ni kizito zaidi hata kama ni cha mtu yule yule kwa dakika ile ile. Ukitumia zile namba za udongo gauni litabaki na pindo chafu pale chini. Tengeneza leya ya pili, maski yake inaishia kabisa mahali pindo linagusana na udongo (huo ukingo ni wa kitambaa, si wa kivuli, usiulainishe kama ule mwingine), na usome rangi upya. Gauni la nyanya ni la kitenge na hiyo inasaidia, unatafuta ua lile lile likiwa juani na likiwa kivulini na unalinganisha, yaani njano kwa njano. Nyekundu ilitaka kushuka hadi karibu 100, na hapo chembechembe zilianza kuonekana, manake unapandisha pamoja na rangi ule mchanga wa kamera uliokuwa umejificha gizani. Niliweka `Noise Reduction` kidogo kwa hiyo leya peke yake. Ikiwa unahitaji kushuka chini ya 80 hivi, mimi huacha kuangaza na kukloni pindo, kwa sababu kitambaa kinachotoka huko kimechakaa na hakifanani na kile cha juu.

Na kivuli cha nyanya mwenyewe, kile kinachoanguka nyuma yake, usikiguse. Nimeona picha ambayo fundi alifuta vyote na mama akabaki kama amebandikwa kwa boma.

Nimesema kivuli chako mwenyewe ni rahisi na nimetoa sababu moja, ya ukingo. Ya pili ni kubwa zaidi na ndiyo inaonyesha kwa nini cha mpita njia ni shida. Angalia udongo jioni, kila kokoto ina kivuli chake kidogo nyuma yake, ndiyo maana udongo wa jioni unaonekana umekwaruza. Ndani ya kivuli cha mtu zile kokoto hazina vivuli, mwanga wa anga unatoka kila upande. Kwa hivyo ukiangaza kivuli unarudisha rangi lakini hurudishi vile vivuli vidogo, na kama udongo wa kando umejaa vivuli vidogo, sehemu yako itatoka laini imekufa hata kama rangi ni sawa kabisa. Lakini kwa kivuli cha mpiga picha, jua liko nyuma yake na kamera inaangalia mahali jua linaelekea, kwa hivyo kila kokoto imekificha kivuli chake nyuma yake, kamera haikioni. Udongo kuzunguka kivuli cha kichwa chako ni laini tayari, na hata unang'aa kuliko mwingine, unaweza kuuona kwa macho ukisimama jioni kwa nyasi au barabara ya murram na kuangalia kichwa chako kilipolala. Hapo kivuli kilichoangazwa na udongo wa kando vinafanana.

Unavyotoka kando na mahali hapo vivuli vya kokoto vinaanza kuonekana, na kwa pembe ya picha vinakuwa wazi kabisa. Na huko pembeni ndiko mpita njia huingilia. Alikuwa anapita nyuma ya binamu yangu upande wa kushoto, mwenyewe hayuko kwa picha, kivuli chake kimeingia kutoka chini kushoto kikielekea ndani. (Ukitaka kujua kama kivuli fulani ni cha jua lile lile, vuta laini kufuata urefu wake, kwa udongo tambarare vyote vinaelekea nukta moja kwa upeo, wima juu ya mahali kivuli cha kichwa cha mpiga picha kiko.) Hicho nilipokiangaza kwa njia ile ile rangi ilikubali na mchanga ukakataa. Palionekana kama pamepigwa pasi.

Kwa hicho basi unaangaza kwanza, halafu unaongeza kukloni juu, kwa leya mpya tupu, `Clone` ikiwa na `Sample merged` ili isome kila kitu kilicho chini. Chukua udongo wa jua kutoka kando, kulia au kushoto kwa kimo kile kile cha picha, usichukue kutoka juu wala chini. Udongo wa juu kwa picha uko mbali na kokoto zake ni ndogo, wa chini uko karibu na zake ni kubwa, ukichanganya jicho linashtuka hata kama mtu hawezi kukuambia ni nini. Na usiende kando sana, kwa sababu vivuli vya kokoto vinageuka mwelekeo kwa picha kadiri unavyosogea, hatua kidogo tu kutoka ukingo, na badilisha mahali pa kuchukua kila mara ili jiwe moja lisijirudie. Sababu ya kuangaza kwanza badala ya kukloni moja kwa moja ni kwamba brashi ikiwa na uwazi wa kama nusu, kile kilicho chini kinasaidia, mawe halisi yanabaki mahali pake na unayapa tu ukwaru.

Ukingo wake pia hauko kama wako. Kamera haiko karibu na mwili wake, kwa hivyo ile bahati ya namba moja haipo: kama miguu yake imekanyaga karibu na mwanzo wa picha, kivuli kinaanza kikali na kinaendelea kufifia. Mi hulainisha maski nzima kwa namba ndogo kwanza, halafu nateua nusu ya mbali kwa `Rectangle Select` yenye `Feather edges` pana, nalainisha tena hapo peke yake, na ikibidi robo ya mwisho mara nyingine. Kama ni kivuli cha mti au nguzo ya stima iliyo mbali nyuma yenu mkanda unaweza kuwa mpana kupita hata ule wa jua kwa picha, hapo pima tu kwa jicho kutoka mahali giza linaanza kupungua hadi linapoisha, na utumie robo yake.

Kujua kama imekubali, punguza picha hadi iwe ndogo kama ya kidole gumba. Rangi isiyolingana huonekana ikiwa ndogo, kama doa, na ukwaru usiolingana huonekana ikiwa kubwa, kwa hivyo angalia kote kuwili. Halafu fungua `Colors > Curves` kwa leya ya muda juu ya zote, uliyoitengeneza kwa `New from Visible`, na uvute mstari uwe mkali sana, mbaya kabisa, kila mpaka uliofichika utajitokeza. Ukiurekebisha, unafuta hiyo leya. Hifadhi `.xcf` kabla hujatoa `.jpg`, watu hurudi wakitaka na kile kivuli cha pili kiondoke.

Binamu nilimwonyesha kitu kimoja ambacho kinamwondolea hii kazi mwanzoni. Kivuli cha kichwa chako kinakaa chini ya upeo kwa digrii zile zile jua liko juu ya upeo, digrii 15 juu, digrii 15 chini. Lenzi ya kawaida simu ikiwa imelala inaona karibu digrii 25 chini ya katikati, kwa hivyo kichwa lazima kiingie. Ukiweka 2x inaona kama 13 tu. Rudi nyuma mara mbili ya umbali uliokuwa nao, weka 2x, weka upeo katikati, na kivuli chote kinabaki nje ya picha, na kwa mita 10 hakimfikii nyanya hata kidogo. Ikibaki nusu saa jua lizame, liko digrii saba au nane tu, 2x haitoshi tena. Hapo namwambia asogee kando mpaka jua limpige nyanya kwa bega badala ya usoni, kivuli kitaenda upande mwingine na kama kimeingia kwa picha kitakuwa udongoni peke yake, bila gauni.